Shajara ya mradi: vocha za sikukuu dukani kwetu Moshi

6 Oktoba

Ombi hili tumelisikia Desemba baada ya Desemba: "Dada, nikikulipa wewe huku huku, mama akaja kuchukua vitu mwenyewe, inawezekana?" Anayepiga simu yuko Dar, Dodoma au Mwanza. Mama yake yuko Kibosho, Marangu au Rombo, na kila akishuka mjini hupita sokoni Mbuyuni. Akimtumia pesa mkononi, zitaishia kwenye michango na shida za jirani, na Krismasi itamkuta hana mafuta ya kupikia. Mtoto anataka zile pesa ziwe mchele, sukari na ngano, na mama achague kwa mkono wake.

Hadi sasa watu hawa tumekuwa tukiwaandika kwenye daftari la madeni, lakini daftari lile ni la watu tunaowadai, na hawa ndio wanaotudai sisi. Pesa wameshatoa na mali bado iko kwetu. Kwa hiyo mwaka huu tunauza vocha za zawadi zenye namba, na leja yake peke yake. Mimi nitashika hesabu, mdogo wangu atashika mali na kaunta. Kuuza kunaanza mwanzoni mwa Novemba, wakati wengi hawajaanza kuhesabu nauli.

11 Oktoba

Swali la kwanza kubwa: tuuze vocha ya shilingi au vocha ya vitu?

Wateja wanapenda ya vitu. "Kapu la sikukuu": mchele kilo kumi, mafuta lita tano, sukari, ngano, majani ya chai, kwa bei moja. Linaeleweka na linapendeza kulipa. Tatizo ni mchele. Mavuno makubwa huingia sokoni katikati ya mwaka, na kadiri maghala yanavyopungua kuelekea Januari na Februari bei hupanda. Nikiuza kapu mwanzoni mwa Novemba kwa bei ya Novemba, na mama akaja tarehe 23 Desemba, ile tofauti ya bei ni yangu. Kwenye vyakula faida yetu ni kama shilingi kumi katika kila mia. Mchele ukipanda shilingi mia tatu tu kwa kilo, faida ya mchele wa kapu hilo imekwisha.

Tumekubaliana hivi. Vocha zote ni za shilingi: elfu ishirini, elfu hamsini na laki moja. Anayeng'ang'ania kapu atauziwa, ila mali yake inanunuliwa na kufungwa siku ileile pesa inapoingia, inaandikwa jina na kuwekwa kwenye rafu ya nyuma. Likishafungwa, bei ikipanda au ikishuka halituhusu tena, kwa sababu mali ipo. Kwa vocha ya shilingi, atakayepanda na kushuka na bei ni mwenye vocha, na hilo limeandikwa nyuma ya karatasi kwa herufi zinazosomeka na mtu asiye na miwani.

19 Oktoba

Nimetoka kwa mpiga chapa na sampuli. Kilichonishughulisha zaidi ni namba.

Namba za mfululizo peke yake, 001, 002, 003, ni hatari kwa sababu yeyote mwenye 031 anajua kwamba 032 ipo. Kwa mteja wa simu, ambaye hashiki karatasi, namba ndiyo vocha yenyewe. Kwa hiyo kila vocha ina sehemu tatu: herufi na mwaka wa msimu, namba ya mfululizo, kisha tarakimu nne zisizofuata mpangilio wowote. Mfano ni `K25-047-8316`. Namba ya katikati inanisaidia kuhesabu na kujua kama kuna karatasi iliyopotea kwenye kitabu. Zile nne za mwisho zinazuia mtu kubahatisha, na zina kazi ya pili ambayo nitaiandika tukifika huko.

Herufi K mwanzoni ina maana yake pia. Nikiandika 047 peke yake kwenye jedwali la kompyuta, linaigeuza kuwa 47, kisha kuitafuta inakuwa taabu. Ikianza na herufi inabaki kama ilivyoandikwa.

Karatasi ina vipande viwili. Kipande kidogo kinabaki kwenye kitabu na sahihi ya aliyelipa, kikubwa kinaondoka. Nyuma ya kipande kikubwa kuna mistari minne: tarehe, kiasi kilichotumika, salio, sahihi, kwa ajili ya wale wasiomaliza yote kwa mara moja.

26 Oktoba

Leja imekamilika. Iko kwenye Google Sheets, kurasa mbili tu. Ukurasa wa `Vocha` una mstari mmoja kwa kila vocha: namba, tarehe ya kuuzwa, thamani, jina na simu ya mpokeaji kwenye safu moja, hali, salio, halafu jina la mlipaji na namba ya muamala. Ukurasa wa `Matumizi` unaongezwa mstari kila mtu anapochukua mali: tarehe, namba ya vocha, kiasi, namba ya risiti.

Salio haliandikwi na mtu. Linajihesabu hivi:

```
=IF(E2="IMELIPWA", C2-SUMIFS(Matumizi!C:C, Matumizi!B:B, A2), 0)
```

Kwa maneno: kama hali ni IMELIPWA, chukua thamani, toa kila kilichotumika chini ya namba hiyo, kinachobaki ndicho salio. Kama haijalipwa, salio ni sifuri, hata kama karatasi iko mkononi mwa mtu. Nimeweka pia sharti kwamba salio likishuka chini ya sifuri, kisanduku kigeuke chekundu.

Chini kabisa kuna jumla ya masalio yote. Hiyo ndiyo namba ninayoijali kuliko zote katika mradi huu, kwa sababu ndiyo deni letu kwa watu usiku huo.

2 Novemba

Mhasibu wetu amekuja na tumekaa naye hadi jioni. Amenieleza jambo ambalo wauzaji wengi wa vocha hulipuuza hadi Januari inapowafundisha.

Siku ninapouza vocha ya laki moja, sijauza kitu. Nimepokea laki moja na wakati uleule nimeingia deni la laki moja. Kwenye vitabu pesa inaongezeka upande mmoja, na "deni la vocha" linaongezeka upande wa pili. Mauzo ni sifuri na faida ni sifuri. Siku mama anapochukua mali ya elfu themanini, ndipo deni linapungua elfu themanini na mauzo yanaongezeka elfu themanini. Gharama ya ile mali inaingia siku hiyohiyo, na faida, kama ipo, inaonekana hapo. Kiwango cha kimataifa cha IFRS 15, kinachotumika tangu Januari 2018, kinasema jambo hilohilo kwa makampuni makubwa: pesa iliyolipwa kabla ya mali kutolewa ni dhima.

Asiyefanya hivyo anaona Novemba na Desemba zimefurika mauzo, anajilipa, ananunua friji. Januari watu wanakuja na vocha zao, mali inatoka, na hakuna hata senti inayoingia.

Jambo la pili ni risiti. Mashine ya EFD ikitoa risiti siku ya kuuza vocha, kisha ikatoa nyingine siku ya kuchukua mali, laki moja imeonekana kuwa laki mbili. Mhasibu ametuandalia utaratibu mmoja baada ya kulipeleka swali TRA: siku ya vocha tunatoa stakabadhi ya kitabu inayosema wazi "malipo ya vocha", na risiti ya EFD inatoka mali inapotoka, kwa kiasi cha mali iliyotoka. Anayetaka kufanya kazi hii aulize TRA kwa ajili ya duka lake kabla hajachapisha karatasi. Aliyesajiliwa VAT ana swali la ziada, maana vocha ya shilingi haijui itanunua kipi, na kwenye kapu moja kuna vitu vinavyotozwa na vitu vilivyosamehewa.

9 Novemba

Vocha zimeanza kuuzwa. Wengi wanalipa kwa Lipa Namba. Yale makato ya muamala tumeamua ni ya duka: aliyelipa laki moja anapata vocha ya laki moja kamili, na makato yanaandikwa kama gharama ya kawaida. Ningeyakata kwenye vocha, ningekuwa na vocha za elfu tisini na kitu, kila moja na kiasi chake, na leja isingesomeka.

Pesa yote ya vocha inahamishwa jioni, mara moja kwa siku, kwenda kwenye akaunti ya benki ambayo haina kazi nyingine. Mali inapochukuliwa, kiasi kilekile kinarudi kwenye akaunti ya duka. Kwa hiyo kila jioni namba mbili zinapaswa kuwa sawa: jumla ya masalio kwenye leja, na pesa iliyomo kwenye akaunti ile.

Mdogo wangu alipinga, na hoja yake si ndogo. Anasema Novemba ndio wakati wa kununua mchele kwa wingi kabla haujapanda, na pesa inalala benki. Ni kweli. Lakini aliyelipa vocha hakutukopesha mtaji wa biashara. Nilimkumbusha kilichotokea Uingereza Januari 2013, duka kubwa la muziki na filamu la HMV lilipowekwa chini ya wasimamizi wiki chache tu baada ya Krismasi. Kadi za zawadi zilizokuwa mikononi mwa watu zilikataliwa kwa siku kadhaa, hadi uamuzi ulipobadilishwa. Duka likianguka, mwenye vocha ni mdai asiye na dhamana, anapanga foleni nyuma ya benki. Tumekubaliana hivi: pesa ya akaunti ile inaweza kununua mali ikiwa mali hiyo inawekwa kando kwa ajili ya vocha, na kiasi chake kinaandikwa. Haiwezi kulipa kodi ya pango, mishahara wala madeni ya zamani.

20 Novemba

Leo mwenye gereji moja hapa mjini amekuja na wazo zuri na sharti baya. Anataka kuwapa mafundi wake vocha za elfu hamsini kila mmoja, kumi na mbili kwa jumla. Laki sita. Ila anaomba achukue vocha leo, alipe mwisho wa mwezi.

Nilimwambia, "Kaka, karatasi nitakupa leo ukawaonyeshe vijana. Lakini hazitafanya kazi mpaka pesa iingie." Akaniuliza kama simwamini. Nikamweleza kwamba si suala la kumwamini. Fundi akipewa vocha leo, kesho mkewe yuko hapa na kikapu. Mali yangu imeondoka kwa ahadi ya mtu wa tatu, na huyo mama aliyesimama mbele yangu hana habari kwamba haijalipwa. Siwezi kumkatalia, na siwezi kumdai.

Kwenye leja zile kumi na mbili zimeandikwa hali yake HAIJALIPWA, na salio linasoma sifuri. Siku atakapolipa nabadilisha neno moja kwenye kila mstari na zote zinafunguka. Hapo ndipo nilipoona faida ya ile kanuni ya hali.

Aliomba pia punguzo: alipe laki tano na elfu sabini, vocha zibaki za elfu hamsini. Hiyo ni asilimia tano, nusu ya faida yetu yote kwenye vyakula. Tulikubaliana bila punguzo, tukamwahidi kuwatengea mafundi wake kaunta ya peke yao siku moja ili wasipange foleni. Alifurahi.

30 Novemba

Mwenye gereji amelipa. Zimefunguliwa zote.

13 Desemba

Jambo la leo limenisumbua moyo.

Bibi mmoja ameshuka kutoka Rombo, amefika saa nne asubuhi, na simu ya mjukuu mkononi ikionyesha picha ya vocha ya elfu hamsini. Nilimwamkia, nikamkalisha, nikaingiza namba. Salio: elfu kumi na nane. Elfu thelathini na mbili zilikuwa zimechukuliwa siku tatu nyuma.

Leja ilionyesha tarehe, kiasi, namba ya risiti. Kwenye nakala ya risiti kulikuwa na soda, biskuti, sabuni na mchele kidogo, na jina la kijana aliyesaini. Nikampigia mlipaji, binti yake aliyeko Dar. Ikajulikana: alipotumiwa picha aliituma kwenye kundi la familia la WhatsApp ili bibi aipate kupitia kwa yeyote. Kijana mmoja wa ukoo aliiona akaja nayo kabla ya bibi. Namba ilikuwa sahihi, kaunta ilimhudumia.

Binti alilia kwenye simu, akaongeza elfu thelathini na mbili palepale, na bibi akaondoka na alichofuata. Lakini huo si mwisho mzuri, kwa sababu binti amezilipa zile elfu thelathini na mbili mara mbili.

Kuanzia leo wateja wa simu hawatumiwi picha. Karatasi inabaki dukani ndani ya bahasha, kwa herufi ya jina la mpokeaji. Mlipaji anapewa stakabadhi isiyoonyesha tarakimu nne za mwisho. Zile nne zinakwenda kwa meseji kwenye simu ya mpokeaji mwenyewe, na kaunta inauliza vitu viwili: jina, na tarakimu nne. Kama mpokeaji hana simu, mlipaji anachagua mtu mmoja na jina lake linaandikwa kwenye leja. Wapokeaji wa vocha zilizouzwa mwezi uliopita tumeanza kuwapigia mmoja mmoja, na kila picha iliyokwisha sambaa tunaibadilishia tarakimu nne za mwisho, kwenye kurasa zote mbili za leja.

22 Desemba

Leo nimeandika mfano mmoja hatua kwa hatua, kwa ajili ya msichana mpya wa kaunta, na ninauweka hapa.

Vocha `K25-047-8316`, laki moja, imelipwa na mtoto aliyeko Dar kwa ajili ya mama yake wa Marangu. Mama amefika, ametaja jina lake na tarakimu nne. Salio: 100,000. Amechukua mchele kilo kumi kwa 3,200, ni 32,000. Mafuta lita tano, 34,000. Sukari kilo tano kwa 3,000, ni 15,000. Jumla 81,000.

Kabla mali haijafungwa, mstari unaongezwa kwenye `Matumizi`. Salio linasoma 19,000. Ndipo risiti ya EFD ya 81,000 inatoka, na namba yake inaandikwa. Nyuma ya vocha yanaandikwa hayohayo kwa kalamu, mama anasaini au anaweka dole gumba, na muhuri wa duka unagongwa juu ya ile 19,000 ili mtu asije akaibadilisha kuwa 49,000. Jioni, shilingi 81,000 zinatoka akaunti ya vocha kwenda akaunti ya duka.

Mama aliuliza kama anaweza kupewa ile 19,000 taslimu. Nilimweleza kwa upole kwamba hapana, ila haipotei, na kwamba mtoto aliomba iwe chakula. Tunatoa taslimu kwa hali moja tu: salio likibaki chini ya shilingi elfu moja. Hapo tunampa mtu chenji yake, tunaiandika kama matumizi, vocha inafungwa. Kuweka vocha wazi kwa ajili ya shilingi mia nne kunatuletea kazi ya miezi, na mtu hatapanda gari kuja kuifuata.

Jambo ambalo msichana alilishika haraka kuliko nilivyotarajia: mstari unaandikwa kabla ya kufunga mzigo. Ukifunga kwanza, foleni inakusukuma, mtu wa pili anaanza kuongea, na mstari hauandikwi tena.

24 Desemba

Umeme ulikatika saa tano asubuhi na mtandao ukafuata. Duka limejaa hadi barazani.

Hili tulilitegemea. Kila asubuhi tangu tarehe 15 ninachapisha orodha ya vocha zote zenye salio, kurasa mbili, na inakaa kaunta moja tu. Vocha zinahudumiwa kwenye kaunta hiyo peke yake, hata kama nyingine haina mtu, kwa sababu karatasi mbili zenye orodha moja zinaweza kuilipa vocha moja mara mbili ndani ya dakika tano. Mtu akihudumiwa, salio la zamani linakatwa kwa mstari na jipya linaandikwa pembeni.

Tumefunga saa mbili usiku. Nimechoka, lakini hakuna mtu mwenye vocha aliyerudishwa leo.

31 Desemba

Nimehamisha maandishi ya tarehe 24 kwenye leja, na kuna jambo la kujifunza hapa kwa yeyote anayefanya kazi hii.

Jumla ni sawa. Vocha zilizolipwa hadi leo ni 4,200,000, pamoja na za gereji. Zilizotumika ni 3,310,000. Salio 890,000. Akaunti ya benki ina 890,000. Mtu angeweza kufunga kompyuta akalala.

Lakini kuna kisanduku chekundu. Vocha namba 045, ya elfu ishirini, ina salio la hasi 26,000. Imetumika elfu arobaini na sita, jambo lisilowezekana. Nikarudi kwenye karatasi ya tarehe 24. Mwandiko wa haraka unasema "045 – 46,000", bila tarakimu nne za mwisho. Nikatafuta kwenye nakala za vocha zilizogongwa muhuri siku hiyo: ni 054, ya elfu hamsini. Tarakimu mbili zimebadilishana nafasi.

Jumla haikuliona kosa hilo, kwa sababu kiasi ni kilekile, kimekaa tu kwenye vocha isiyo yake. Isingekuwa ile rangi, mwenye 045 angekuja mwezi ujao na vocha yake halali, akaambiwa imekwisha. Na mwenye 054 angeonekana bado ana elfu hamsini wakati amebakiza elfu nne. Kama 045 ingekuwa nayo ya elfu hamsini, hata rangi isingewaka.

Ndiyo kazi ya pili ya zile tarakimu nne. Namba ikiandikwa nzima, `K25-054-` na nne zake, kubadilisha tarakimu za katikati kunazalisha namba ambayo haipo kwenye leja, na jedwali linaikataa palepale. Nimeweka sharti kwenye ukurasa wa `Matumizi` kwamba namba isiyokuwepo kwenye `Vocha` haiingii, na orodha ya karatasi sasa ina namba nzima na nafasi ya kutia alama tu, ili mtu asiandike namba kwa mkono.

17 Januari

Mama wa Marangu amerudi na 19,000 yake. Amechukua ngano, mafuta kidogo na chumvi, 21,500 kwa jumla, akaongeza 2,500 kutoka kwenye pochi. Risiti ni ya 21,500. Kwenye `Matumizi` inaandikwa 19,000 tu, na zile 2,500 ni mauzo ya kawaida ya taslimu. Vocha imegongwa "IMEKWISHA" na kukatwa pembe.

Januari duka liko kimya, ada za shule zimewamaliza watu, na nilichokiona ni kwamba wengi wanaokuja na vocha wanaongeza pesa yao juu. Pesa ya mali wanayoichukua inatoka benki ilikokuwa imelala, haitoki kwenye mauzo dhaifu ya mwezi huu. Mdogo wangu ameliona hilo mwenyewe, wala sikumkumbusha.

1 Februari

Salio lililobaki ni 410,000. Nyingi ni vocha za elfu ishirini, na tatu ni za mafundi wa gereji ambao hawajatokea kabisa.

Nimeulizwa kama sasa naweza kuanza kuhesabu sehemu ya hizo kuwa faida, maana baadhi hawatakuja. Mhasibu anasema makampuni makubwa hufanya hivyo, yanakadiria sehemu isiyotumika na kuiingiza kidogo kidogo kadiri vocha nyingine zinavyotumika. Lakini wao wana kumbukumbu za miaka inayowaambia ni wangapi hawarudi. Sisi tuna msimu mmoja. Kwa hiyo 410,000 inabaki deni, yote, hadi tarehe ya mwisho iliyoandikwa kwenye karatasi: 30 Juni.

Hata hiyo tarehe naifikiria upya. Ireland, kwa sheria ya 2019, vocha ya zawadi haiwezi kuisha kabla ya miaka mitano, na Marekani nako kadi nyingi za zawadi zina kinga ya miaka mitano. Miezi sita hadi minane kwa mama anayeshuka mjini mara chache ni michache. Vocha za msimu ujao zitakuwa na mwaka mmoja. Kwa hizi za sasa, Mei tutampigia kila mwenye salio, kwa simu iliyoandikwa kwenye leja, na anayehitaji muda ataongezewa.

Ramadhani inaingia katikati ya mwezi huu, na maombi yameanza: tende, unga wa ngano, sukari, tambi, kwa wazazi walioko Mji Mpya na Njoro. Kitabu kipya kitaanza na herufi I. Tarehe ya kuanza na ya kuisha nimeziandika kwa kalenda ya kawaida, kwa sababu Idi inategemea mwezi kuandama na sitaki mtu abishane kaunta kuhusu siku moja. Futari inanunuliwa kidogo kidogo, mwezi mzima, kwa hiyo nyuma ya vocha mistari minne haitoshi. Mpiga chapa ameambiwa aweke kumi na miwili.